Mpaka mpya wa kata: barua yangu kwenu wakazi wa pande zote mbili za korongo, hatua kwa hatua

Mbukwenyi wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu. Mimi ndo afisa mipango wenu wa wilaya, yule mliyekuwa mnamuona kiangazi kilichopita anatembea na wazee juani kando ya korongo, daftari mkononi na chupa ya maji begani. Naandika kwa lugha yetu ya kawaida, maana ile barua ya ofisi imeshabandikwa kwa watendaji na wengi mmeniambia mmeisoma mpaka mwisho ila bado hamjui kesho asubuhi mtu akitaka barua ya utambulisho aende wapi. Kwahiyo hii ni ya kukuelekeza wewe mwenye nyumba yako, shamba lako na makaratasi yako.

Kilichotokea ni hiki. Kata yetu ilikuwa na vijiji saba, sasa vijiji vitatu vilivyo ng'ambo ya korongo vimetolewa vikawa kata yao, na vinne vimebaki. Hiyo iliyobaki nitaiita kata mama kama tunavyosema ofisini, na ile nyingine kata mpya, majina kamili ya vijiji na vitongoji vyote yapo kwenye jedwali lililobandikwa. Sababu ni umbali. Mtu wa ng'ambo alikuwa anatembea zaidi ya kilomita 15 kufika ofisi ya mtendaji wa kata, na masika korongo likijaa hafiki kabisa, anakaa upande wake anaangalia maji mekundu yanapita siku mbili tatu na shida yake iko mfukoni.

Na niliseme mapema lile linalowakosesha wengi usingizi: mpaka wa kata haugusi umiliki wa ardhi ya mtu yeyote. Hakuna aliyenyang'anywa shamba, hakuna aliyeongezewa. Kata ni mpaka wa utawala, unasema ofisi gani inakuhudumia na diwani gani anakuwakilisha, basi. Mpaka wa shamba lako ni ule wa minyaa au mkonge mliopanda na jirani yako, na ule wa kijiji ni mambo ya cheti cha ardhi ya kijiji. Nimesikia kuna watu wameanza kuambiana "ardhi ya huku sasa ni ya kata yetu, wale wa ng'ambo watoke". Huo ni uongo, na atakayeng'oa kigingi au mkonge wa mwenzake kwa kisingizio cha mpaka wa kata ajue ana kosa lake mwenyewe, halina uhusiano na Tangazo la Serikali lililogawa kata.

HATUA YA KWANZA: jua uko upande gani, na usitumie simu peke yake

Njia ya uhakika ni kujua kijiji chako. Kata inaundwa na vijiji vizima, haikati kijiji katikati. Kwahiyo ukishajua nyumba yako ni ya kijiji gani umeshamaliza, huhitaji hata kuangalia ramani: kijiji kikiwa kwenye orodha ya vile vitatu uko kata mpya, kikiwa kwenye vile vinne uko kata mama. Kama hujui kijiji, na wapo wasiojua hasa waliojenga pembezoni, muulize mwenyekiti wa kitongoji. Ukitaka uthibitisho jiulize uliandikishwa kwenye kitongoji gani ule uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, hicho kitongoji ni cha kijiji gani. Hapo huwezi kupotea.

Wenye shida ya kweli ni wale wa kando ya korongo lenyewe, kaya chache ila najua zinasumbuka. Korongo letu mnalifahamu, ni mchanga mtupu, kiangazi kina mama wanachimba visima vya mkono humo wanachota maji kwa kata za kibuyu, halafu mvua kubwa ikija mkondo unahama. Mwaka huu umepita huku, mwakani umekula ukingo wa pili. Sasa mtu aliyekuwa ng'ambo anaamka korongo liko nyuma ya nyumba yake, anasema nimehama kata. Hujahama. Mpaka wetu haukuandikwa kwa neno "korongo" peke yake, umeandikwa kwa vigingi na namba za vigingi hivyo, na pale ambapo mkondo unahama, kigingi ndo kinasimama. Kimoja kipo karibu na ule mbuyu mkubwa uliopasuka, cha zege, kimejitokeza juu ya ardhi kama kiganja cha mtu mzima, kina namba imechongwa juu. Wazee watatu walisimama pale na mimi tukakubaliana, wawili wa huku mmoja wa ng'ambo, na saini zao zipo kwenye muhtasari wa makubaliano ya mpaka.

Kuhusu simu. Vijana mnanitumia picha za skrini za ramani ya simu mnasema afisa mbona hapa inaonyesha tofauti. Kwanza, mistari ya kata kwenye ramani za simu si mistari ya serikali, mingi ni ya zamani na mingine imechorwa kwa kukadiria. Pili, kijana mmoja mwerevu tu alifanya kazi nzuri sana, alichukua namba za ramani ya zamani ya karatasi, ile ya topografia, akaziingiza kwenye simu akaenda mpaka pale akakuta kigingi hakipo, kiko mbali kama mita 300. Akaja kwa hasira kwamba tumehamisha mpaka usiku. Hatukuhamisha. Ramani za zamani za Tanzania zimechorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, simu inasoma kwa WGS 84, na ukichukua namba za mfumo mmoja ukazitumia kwenye mwingine bila kuzibadili, kwa eneo letu unakosea takribani mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 ni kitongoji kizima! Na kuna mtego wa pili kwa sisi wa Dodoma: mstari wa nyuzi 36 za mashariki unapita ndani ya mkoa wetu, kwahiyo magharibi yake, Dodoma mjini ikiwemo, namba zinaandikwa kwa zoni 36 na mashariki yake zoni 37. Ukichagua zoni isiyo yake simu inakupeleka mamia ya kilomita kutoka ulipo, ila angalau kosa hilo unaliona hapohapo. Lile la mita 300 ndo baya kwa sababu linafanana na ukweli.

Kwahiyo ukitaka kupima kwa simu pima, sikukatazi, ila njoo uchukue namba za kigingi kutoka kwenye jedwali, uliza zimeandikwa kwa mfumo gani na zoni gani, halafu simama dakika kadhaa mahali pa wazi simu itulie. Hata hapo simu ya kawaida inakosea mita tano mpaka kumi, kwahiyo kama nyumba yako iko hatua chache tu kutoka mpakani simu haiwezi kuamua. Niite nije.

HATUA YA PILI: barua ya utambulisho

Hapa ndo watu watahangaika kuliko kote kwahiyo nitakaa kidogo.

Mama mmoja wa ng'ambo alikuwa anafungua akaunti kwa ajili ya kikundi chao. Alichukua barua kwa mtendaji wa kijiji kama kawaida, ikaandikwa kata mpya kwa sababu tangazo limeshatoka. Alipofika mjini mhudumu akaangalia kwenye mfumo wake, kata hiyo hakuna, akamrudisha. Akarudi akaandikiwa kata mama, akaenda tena, safari hii akaambiwa muhuri na maelezo havifanani, kitambulisho kinasema hivi, barua inasema vile. Safari tatu, nauli na bodaboda, na siku tatu za palizi zimekwenda. Nilipoiona ile barua yake imekunjwa mara nne imechafuka pembeni niliumia, kwa sababu kosa halikuwa lake hata kidogo, ilikuwa ni sisi wa ofisi hatukukubaliana tuandike vipi.

Sasa tumekubaliana na watendaji wote saba. Barua ya mkazi wa vijiji vile vitatu iandikwe hivi, na wewe mwenyewe isome kabla hujaondoka pale mezani: "mkazi wa Kitongoji cha fulani, Kijiji cha fulani, Kata ya (jina la kata mpya), ambayo awali ilikuwa sehemu ya Kata ya (jina la kata mama)". Maneno yote mawili yawepo. Halafu omba nakala ya lile Tangazo la Serikali, ukurasa wenye jina la kata tu unatosha, uambatanishe. Mhudumu wa mjini akisema kata haipo kwenye mfumo unamuonyesha tangazo na lile neno "awali", ana pa kushika. Bila hivyo anakuona kama mtu aliyeghushi.

Utaratibu wa kuipata haujabadilika. Unaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji anayekujua, unakwenda kwa mtendaji wa kijiji. Hao ni walewale, ofisi ileile, maana kijiji hakijabadilika. Kinachobadilika ni ngazi ya juu yake tu, pale unapotakiwa saini ya mtendaji wa kata. Watu wa kata mpya mtendaji wa kata wenu kwa sasa anakaa kwenye chumba kimoja cha ofisi ya kijiji cha katikati, kile chenye mlango wa kijani, mpaka ofisi ijengwe. Msiende tena kule kata mama kwa ajili ya saini, mtarudishwa.

Kitambulisho cha taifa, namba yako ya NIDA haibadiliki na huna haja ya kukifuata upya kwa sababu ya mpaka. Wengine mmegundua kwamba zile tarakimu 20, baada ya tarehe ya kuzaliwa kuna tarakimu tano za postikodi ya pale ulipoandikishiwa, mkauliza si zitakuwa za kata ya zamani. Ndiyo zitabaki za zamani, na hakuna ubaya, namba ni ya maisha. Ni sawa na cheti cha kuzaliwa kuandikwa wilaya ambayo baadaye iligawanywa.

Anwani ya makazi ni tofauti kidogo. Postikodi zetu zinatolewa kwa kata, kila kata na tarakimu zake tano, na za mkoa wetu zinaanza na 41. Kwahiyo kata mpya inapata postikodi yake, na taarifa za nyumba yako kwenye mfumo wa NaPA zinahamishiwa huko. Namba iliyopigwa ukutani wakati wa ile operesheni ya 2022 kabla ya sensa msiifute, wala msilipe mtu yeyote anayekuja na rangi anasema anabadilisha namba. Kuhamisha tunafanya sisi na watendaji kwenye mfumo, wewe kazi yako ni moja, ukipita ofisini muulize mtendaji akuangalizie nyumba yako imeshahamia au bado.

HATUA YA TATU: shamba, hati na kesi

Nichukue kisa cha mzee mmoja kwa sababu kinagusa karibu kila kitu, na ameniruhusu nisimulie bila jina. Nyumba yake iko ng'ambo, kata mpya. Shamba lake la zabibu la ekari mbili liko huku, kata mama, kwenye kijiji cha jirani, alinunua zamani na ana hatimiliki ya kimila. Jirani yake wa shamba amesogeza mizabibu mistari miwili ndani. Alikuja ofisini na hati amefunga kwenye mfuko wa nailoni, akaniuliza maswali matatu: hii hati bado inafanya kazi? Niende kushtaki wapi, ninapoishi au penye shamba? Na ushuru wa zabibu nitalipa kata gani?

Hati kwanza. Hatimiliki ya kimila inatolewa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999. Imeandikwa kijiji, na kijiji hakijagawanywa, kwahiyo hati ni hai kama jana, daftari lake liko kwenye masjala ya ardhi ya kijijini palepale. Asibadilishe kitu. Wenye viwanja vilivyopimwa pale senta ni vivyo hivyo, namba ya kiwanja na kitalu hazijaguswa.

Ingekuwa kijiji chenyewe kimegawanywa mambo yangekuwa mengine, hapo cheti cha ardhi ya kijiji kinapaswa kutengenezwa upya, majirani wote wasaini mipaka, na madaftari ya masjala yagawanywe. Ndo maana tulipokuwa tunapendekeza tulikataa kabisa wazo la kukata kile kijiji kirefu katikati ingawa kwenye ramani lingependeza. Tungeanzisha migogoro ya miaka kumi.

Pa kushtaki: ardhi inafuata ilipo, siyo unapoishi. Mzee anaanza baraza la ardhi la kijiji kile chenye shamba, halafu wakishindwana baraza la kata mama, ingawa yeye ni mtu wa kata mpya. Kuna jambo wengi hawajalishika: tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu kwenye ardhi, linasuluhisha tu. Lina siku 30. Wakiwapatanisha, vizuri; wakishindwa wanakuandikia hati kwamba wameshindwa na hiyo unaenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, bila hiyo wanakurudisha, isipokuwa siku 30 zimepita na baraza la kata halijamaliza. Kwahiyo mzee nilimwambia andika tarehe uliyofungua, kwa kalamu, na muombe katibu aisaini. Tarehe hiyo ndo mkono wako.

Sasa watu wa kata mpya wenye ugomvi wa ardhi iliyo ndani ya kata mpya: baraza lenu la kata lazima liundwe, wajumbe wake wanachaguliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, si chini ya wanne wala zaidi ya wanane na watatu wawe wanawake. Kamati yenu inakaa mwezi huu na hilo ni agenda ya kwanza. Mashauri yaliyokwisha kufunguliwa kata mama kabla ya tangazo yanamaliziwa hukohuko, msiyatoe mkaanza upya, mtapoteza muda na ushahidi.

Ushuru hauna shida kabisa. Ushuru wa mazao unaingia halmashauri, na halmashauri ni ileile, na anayelipa ni mnunuzi siyo mkulima. Mkusanyaji akija na mashine akasema kata mpya ina ushuru wake wa nyongeza mkatalieni na mnipigie, kata haina mamlaka ya kutunga ushuru. Kila malipo ya serikali yana kontrol namba na risiti ya mashine.

Ila kuna hili la daftari la wakulima, lile la mbolea ya ruzuku. Uliandikishwa kwa mtendaji wa kijiji na namba yako ya mkulima ni ileile, lakini taarifa ikisoma kata ya zamani na nyingine ikisoma mpya unaweza kukuta umeandikwa mara mbili, na mfumo ukiona mara mbili unakusimamisha. Kwahiyo msijiandikishe upya! Nenda kwa mtendaji na namba yako, mwambie ahuishe, asikuingize kama mtu mpya. Fanya kabla ya Oktoba, kabla foleni ya msimu haijaanza.

HATUA YA NNE: kura na diwani

Kuna madaftari mawili na watu wanayachanganya. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ndo la rais, mbunge na diwani. Ule uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji na kitongoji unaandikisha watu kwenye orodha yake tofauti, inaandikwa upya kitongojini kila mara, mnakumbuka 2024 tuliandikisha siku kumi za Oktoba. Kwahiyo viongozi wa vijiji na vitongoji mliowachagua Novemba 2024 wanaendelea mpaka muda wao uishe, mpaka wa kata haujawagusa.

Diwani ni habari nyingine. Kata mpya haipati diwani siku tangazo linapotoka, anapatikana kwa uchaguzi, na uchaguzi ni kazi ya Tume, siyo ya halmashauri wala yangu. Mpaka hapo diwani mliyemchagua anaendelea kuwasemea wote wa pande mbili, nimekaa naye na amekubali kufanya mkutano ng'ambo kila robo mwaka. Najua hili limewakera wengi, mmesema mmepewa kata haina mdomo. Mna haki ya kuuliza, ila sina uwezo wa kuwapa diwani kwa barua.

Kadi yako ya mpiga kura usiitupe. Tume itakapoboresha daftari na kuliweka wazi, nenda uangalie jina lako na kituo chako, na ukikuta umewekwa kituo cha upande mwingine wa korongo, sema hapohapo siku ya kuangalia. Siku ya kupiga kura ni kuchelewa.

Shule na zahanati nipite haraka. Mtoto anayesoma sekondari ya kata mama anaendelea pale mpaka amalize, hakuna mkuu wa shule anayeruhusiwa kumwambia hamia kwenu, na ng'ambo bado hakuna sekondari ya kumpeleka. Zahanati unatibiwa yoyote. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunapopanga bajeti, kata mpya inahesabika peke yake, kwahiyo ombi la sekondari na la kituo cha afya linaingia kwa jina lake badala ya kujibiwa "kata hiyo inayo tayari". Vikundi vya mikopo ya asilimia kumi vyenye wanachama wa pande mbili, msivunje kikundi, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata pale ilipo anwani ya kikundi kabla ya kuomba awamu nyingine.

HATUA YA TANO: kama unaona tumekosea

Makosa yapo ya aina mbili na njia zake ni tofauti, ukichanganya utazunguka bure.

Aina ya kwanza ni kosa la uandishi au la utekelezaji: kitongoji chenu kimesahaulika kwenye jedwali, jina limeandikwa vibaya, kigingi kimeng'olewa au kimewekwa siyo penyewe, nyumba yako imepelekwa upande ambao kijiji chako hakiko. Hilo leta kwangu moja kwa moja. Andika karatasi moja tu, jina, kitongoji, kijiji, unachoona kimekosewa, na kama ni kigingi piga picha ya namba yake. Tayari tumekuta kitongoji kimoja kimeandikwa kwenye vijiji viwili, mwenyekiti wake ndo alikiona kwa kufuatilia kwa kidole mstari kwa mstari pale ubaoni, na namshukuru sana kwa sababu mimi niliupitia ule ukurasa mara nne sikukiona.

Aina ya pili ni kutokubali mpaka wenyewe: kijiji kizima kinasema sisi tungebaki kata mama. Hapo mimi sina kalamu ya kufuta, hata mkurugenzi hana. Mpaka wa kata unatangazwa na Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kwenye Gazeti la Serikali na kuubadili ni kupita njia ileile. Inaanza mkutano mkuu wa kijiji, siyo kikao cha halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu, wa wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea. Muhtasari uandikwe, uonyeshe waliokubali wangapi na waliokataa wangapi, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, na mahudhurio yaambatanishwe kwa majina na saini. Halafu Kamati ya Maendeleo ya Kata, Baraza la Madiwani, Kamati ya Ushauri ya Wilaya, Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ndo TAMISEMI. Ni njia ndefu na ombi linalokwama kwa kawaida linakwama pale mwanzo, mahudhurio hayafanani na idadi ya kura, au mkutano uliitwa leo ukafanyika leo. Mkiamua kwenda njia hiyo fanyeni sawasawa, na muhtasari wenu nitauwasilisha mezani kama ulivyo hata kama mimi binafsi naamini mpaka huu ni sahihi.

Nitakuwa ng'ambo kila Jumatano wiki nne zijazo kwenye ule mlango wa kijani, saa tatu asubuhi mpaka saa nane, na Ijumaa niko ofisi ya kata mama muda uleule. Nina jedwali la vijiji, namba za vigingi zote kwa mifumo yote miwili, na nakala za tangazo za kuambatanisha, hazilipiwi. Ukija njoo na karatasi yako inayokusumbua mkononi, siyo maelezo tu. Na kama una mzee nyumbani asiyeweza kutembea na anaishi kando ya korongo, niachie jina la kitongoji kwa mtendaji, nitapita mwenyewe mchana baada ya saa nane.

Wenu,
Afisa Mipango wa Wilaya